Usiku Unaoangusha Maua ya Nyanya

Ua la nyanya halianguki ovyo. Ukikishika kikonyo chake kati ya vidole viwili, utahisi katikati kifundo kidogo kama goti, na hapo ndipo ua hukatikia. Siku mbili tatu kabla ya kuanguka, kikonyo hugeuka manjano kuanzia kwenye kifundo hicho kwenda upande wa ua, huku kipande kilicho upande wa shina kikibaki kijani. Kisha asubuhi moja mkulima anafungua mlango wa kitalu nyumba chake na kukuta maua yametapakaa juu ya udongo, mengine yakiwa bado na petali zake za njano, na kwenye vichala vimebaki vikonyo vifupi visivyo na kitu.

Wengi hapo hukimbilia duka la pembejeo na kurudi na mbolea ya majani, busta ya maua, au dawa ya wadudu. Zipo nyakati ambapo tatizo ni lishe au wadudu kweli. Lakini pale ambapo mmea wenyewe umenawiri, shina limenenepa na majani ni ya kijani, halafu maua yanaanguka kichala baada ya kichala, jambo la kwanza la kuchunguza ni joto. Na katika joto lenyewe, la kutazamwa zaidi ni la usiku, saa ambazo mkulima amelala na hakuna anayepima.

Kifundo kile hakiamui chenyewe kukatika. Ua la nyanya lina sehemu ya kiume na ya kike mahali pamoja: vyavulio vyake vimeshikana na kufanya pia nyembamba ya njano, na ndani ya pia hiyo kumesimama kijiti chembamba cha sehemu ya kike. Chavua ikidondoka kutoka kwenye kuta za pia na kunasa kwenye ncha ya kijiti, huota na kushusha mrija mwembamba hadi kwenye ovari iliyo chini, ambako mbegu hutungwa. Mbegu changa hizo hutoa homoni iitwayo oksini, na oksini hiyo ikishuka kwenye kikonyo hukizuia kifundo kisiachie. Mbegu zisipotungwa, oksini hupungua, gesi ya ethilini ambayo mmea hujitengenezea hupata nguvu, na seli za pale kwenye kifundo huachana. Mmea unaondoa ua ambalo halitazaa.

Kwa hiyo swali la mkulima ni kwa nini mbegu hazikutungwa, na mara nyingi jibu liko kwenye chavua.

Mtu aliyeonyesha wazi nafasi ya usiku katika jambo hili ni Frits Went, mwanasayansi wa mimea mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi katika Taasisi ya Teknolojia ya California, Marekani. Katika miaka ya 1940 alikuwa na vyumba ambavyo aliweza kuweka joto la mchana alitakalo na la usiku alitakalo, kila moja kwa kipimo chake. Alihamisha nyanya kati ya vyumba hivyo na kuona kwamba zilishika matunda mengi pale tu usiku ulipokuwa kati ya nyuzi 15 na 20 za Selsiasi. Mchana ungeweza kuwa mzuri kiasi gani, usiku ukiwa juu au chini ya hapo matunda yalipungua.

Vipimo ambavyo wakulima wa kitalu nyumba hutumia mpaka leo havijaenda mbali na hapo. Mchana unaofaa ni wa nyuzi 21 hadi 28, na usiku ni wa 15 hadi 20. Mchana ukizidi 30 siku nyingi mfululizo, au usiku ukikataa kushuka chini ya 21 au 22, vichala huanza kupungukiwa. Mchana ukifika 35 na usiku ukabaki 25, aina nyingi za nyanya hazishiki karibu kitu. Upande wa baridi, usiku wa chini ya nyuzi 13 hutoa chavua dhaifu, na usiku wa chini ya 10, ukijirudia, huharibu sehemu kubwa ya maua.

Ifahamike kwamba joto linaloharibu ua si lazima liwe kali. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, akiwemo Mary Peet, walichapisha matokeo ya kulinganisha nyanya zilizokuzwa kwa nyuzi 28 mchana na 22 usiku na nyingine zilizokuzwa kwa nyuzi 32 na 26. Tofauti ni nyuzi nne tu. Mimea ya upande wa joto haikunyauka wala kuungua, ila chavulio zake zilitoa chavua kidogo, na kidogo hicho hakikuota vizuri. Matunda yalipungua vibaya mno katika aina nyingi zilizojaribiwa. Mkulima anayepita kati ya mistari na kuona majani mazuri hana namna ya kuujua uharibifu wa aina hiyo kwa macho.

Kuna jambo la pili ambalo huwachanganya wakulima kuliko yote, nalo ni kuchelewa kwa dalili. Chavua haitengenezwi siku ua linapofunguka. Hutengenezwa ndani ya chipukizi la ua likiwa bado dogo na la kijani, na kipindi ambacho joto huiumiza zaidi ni kati ya siku 7 na 15 kabla ya kufunguka. Ua linaloanguka leo kwa kawaida liliumia wiki moja au mbili zilizopita. Mkulima anayetafuta kosa kwenye mambo aliyofanya jana anatafuta pasipo na kitu, na busta aliyopuliza leo inaweza kusifiwa wiki mbili baadaye kwa sababu tu hali ya hewa ilipoa katikati.

Tuchukue mfano wa kitalu nyumba cha nailoni, upana mita 8 na urefu mita 30, kilichojengwa Kibaha, mkoa wa Pwani. Miche imehamishiwa humo Novemba 15. Nyanya ndefu za kitalu nyumba hutoa kichala cha kwanza cha maua baada ya majani saba hadi tisa, na baada ya hapo kichala kimoja kila majani matatu, ambayo katika hali ya joto ni kama kila siku nane. Kichala cha kwanza basi kinafunguka katikati ya Desemba, cha pili karibu na Krismasi, cha tatu mwishoni mwa mwezi, cha nne Januari 8, cha tano Januari 16, cha sita Januari 24.

Mmea unakuwa kalenda. Anayetaka kujua joto lilianza kuumiza lini aanze chini na kupanda juu akihesabu matunda. Tuseme kichala cha kwanza kina matunda matano, cha pili manne, cha tatu mawili, na cha nne hakina kitu. Kichala cha nne kilifunguka Januari 8, kwa hiyo chavua yake ilikuwa inatengenezwa kati ya Desemba 24 na Januari 1. Hiyo ndiyo wiki ya kuichunguza. Kama mkulima aliandika vipimo vyake, ataona kwamba ndani ya nailoni mchana ulikuwa unapanda hadi 36 au 37, na usiku haukushuka chini ya 24.

Sasa tuseme Januari 12 ametandaza neti ya kivuli juu ya paa. Kichala cha tano kitafunguka Januari 16 na cha sita Januari 24, vyote vikiwa na chavua iliyokwisha kuumia kabla ya neti au siku ileile ilipowekwa. Asihukumu neti kwa vichala hivyo. Cha kutazama ni cha saba, kinachofunguka mwanzoni mwa Februari.

Na hata hicho cha saba huenda kikamvunja moyo, kwa sababu ya pwani yenyewe. Wastani wa Dar es Salaam mwezi Februari ni takriban nyuzi 32 mchana na 24 hadi 25 usiku. Hivyo ni vipimo vya nje, pasipo nailoni yoyote, na tayari vimekaribia kabisa ile hali ya 32 na 26 iliyoharibu chavua kule North Carolina. Mwezi Julai mahali palepale huwa na takriban nyuzi 29 mchana na 18 au 19 usiku, hali ambayo nyanya inaipenda. Mkulima yuleyule, na mbegu ileile, anaweza kuvuna vizuri au asivune kitu kutegemea tu mwezi ambao vichala vyake vilikuwa vinajengeka.

Kupunguza joto la mchana kunawezekana. Kitalu nyumba kirefu, chenye mita nne au zaidi hadi kwenye paa na uwazi wa kutolea hewa kule juu, hupoa kuliko kifupi, maana hewa ya moto hupanda na kutoka. Pazia za pembeni zikunjwe zote, abaki neti ya wadudu peke yake, na neti hiyo isiwe yenye matundu madogo kupita kiasi, kwani inayozuia kila mdudu huzuia na upepo. Neti ya kivuli ya asilimia 30 ikitandazwa nje, juu ya nailoni, huzuia jua kabla halijaingia. Ikifungwa ndani, jua limekwisha kuingia na neti yenyewe hupata moto. Wengine hupaka paa chokaa iliyokorogwa kwa maji, nayo hufanya kazi nzuri kwa bei ndogo mpaka mvua iioshe. Neti ya asilimia 50 au zaidi ni hatari ya namna nyingine, kwa kuwa mmea uliopungukiwa mwanga hukosa sukari ya kulisha maua, nao pia huyaangusha.

Kunyunyizia ukungu wa maji ni njia ambayo huuzwa kila mahali, lakini hufaa mahali penye hewa kavu tu. Maji hupoza yanapogeuka mvuke, na hewa iliyokwisha kujaa unyevu haipokei mvuke mwingine. Dodoma wakati wa kiangazi mchana, ukungu huo unaweza kushusha nyuzi kadhaa. Kibaha mwezi Februari hushusha kidogo sana, na usiku, unyevu unapokuwa karibu na kujaa, haushushi kitu. Unachoacha ni majani yaliyolowa na magonjwa ya ukungu. Usiku wa pwani hauna dawa ya bei nafuu. Hilo ni bora lisemwe wazi kwa mtu anayetaka kukopa fedha za kujenga kitalu nyumba cha nailoni Bagamoyo au Kilifi akitegemea kuvuna mwaka mzima.

Kabla ya kulaumu hali ya hewa, ipo njia rahisi ya kuhakikisha. Kati ya saa nne na saa sita mchana, siku yenye jua, chagua ua lililofunguka vizuri, petali zake zikiwa zimepinda nyuma. Weka chini yake karatasi nyeusi au kioo cha simu kilichozimwa, kisha ligonge kwa kidole mara tatu nne. Ua zima huacha vumbi la njano linaloonekana wazi. Kama vumbi lipo na bado maua yanaanguka, chavua huenda ni nzima ila haifiki inapotakiwa. Kama hakuna vumbi katika ua la kumi kama lilivyokosekana katika la kwanza, chavua iliumia ikiwa bado ndani ya chipukizi.

Tazama pia ncha ya pia ya njano. Kwenye joto kali kijiti cha kike hurefuka na kuchomoza nje ya pia kwa milimita moja au mbili. Ncha yake ikishatoka nje, chavua inayodondoka ndani haiifikii kirahisi, hata ingekuwa nzima. Vijiti vilivyochomoza kwenye maua mengi ni ushahidi wa joto ambao hauhitaji kifaa.

Chavua nzima isiyofika inakotakiwa ni tatizo la kitalu nyumba chenyewe. Shambani upepo hutikisa mmea siku nzima, na nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao hulikumbatia ua na kulivumisha mpaka chavua imwagike. Nyuki wa asali hawana uvumaji huo. Ndani ya nailoni na neti hakuna upepo wa kutosha wala nyuki hao, ndiyo maana wakulima wa Ulaya, tangu Mbelgiji Roland De Jonghe alipogundua manufaa yake miaka ya 1980, hununua makundi ya nyuki bambi na kuyaweka ndani. Mkulima wa kwetu hugonga waya ambao kamba za mimea zimefungwa, kila siku au kila baada ya siku moja, kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana chavua ikiwa kavu. Kugonga alfajiri maua yakiwa na umande ni kazi bure, na kugonga hakuwezi kuponya chavua iliyokufa.

Nyandani mambo hugeuka. Limuru nchini Kenya, au Njombe, usiku wa Juni na Julai huweza kushuka hadi nyuzi 10 na chini yake. Hapo maua hayaanguki kwa haraka kama ya pwani. Mengi hukaa kwenye mmea kwa siku nyingi, yamefunguka nusu, kwa sababu vyavulio havipasuki vizuri na mrija wa chavua hushuka polepole mno. Mengine huacha vitunda vidogo kama punje ambavyo havikui. Mengine hukua lakini tunda linatoka limekunjamana, na upande wake wa chini una makovu ya kahawia na mashimo. Baridi ililipata chipukizi la ua wiki mbili au tatu kabla halijafunguka na kuharibu umbo la ovari. Ukikata tunda la msimu wa baridi ukakuta vyumba vya ndani vina uwazi na mbegu chache, uchavushaji ulikuwa hafifu hata kama tunda lilishika.

Wakulima wengi wa huko huamini kwamba nailoni inatosha kuwa blanketi. Mchana ni kweli, ila usiku nailoni ya kawaida hupitisha joto linalopanda kutoka ardhini, na katika usiku mtulivu usio na mawingu ndani panaweza kuwa na baridi sawa na nje, au kuzidi kidogo. Kinachosaidia ni joto lililowekwa akiba mchana. Pazia zishushwe mapema, kama saa tisa au saa kumi alasiri jua likiwa bado lina nguvu, si jioni baridi ilipokwisha kuingia. Udongo uwe na unyevu, kwa kuwa udongo mkavu haushiki joto. Mapipa meusi ya maji yaliyopangwa upande unaopata jua huongeza nyuzi moja au mbili kabla ya alfajiri, na kwa usiku wa nyuzi 11 hizo mbili zina maana. Asubuhi pazia zifunguliwe mara jua linapopanda ili unyevu utoke, la sivyo bakajani chelewa na ukungu wa kijivu vitafanya hasara kubwa kuliko baridi.

Yote haya yanadai kipimo. Kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini kabisa cha siku ndicho cha kununua kabla ya busta yoyote. Kining'inizwe katikati ya kitalu nyumba, kwenye usawa wa maua yanayofunguka, chini ya kifuniko kinachozuia jua lakini kinachopitisha hewa. Kikifungwa karibu na mlango husoma hewa ya nje, na kikipigwa na jua husoma joto lake chenyewe. Kila asubuhi namba mbili ziandikwe daftarini na kipimajoto kirudishwe mwanzo. Daftari la siku 20 zilizopita ndilo litakalojibu kwa nini kichala cha leo ni kitupu.

Turudi kwa mkulima wa Kibaha, ambaye sasa ni mwanzo wa Februari na ana vichala vitatu vyenye matunda na vinne vitupu au karibu vitupu. Machi ni ya joto, Aprili usiku bado ni mzito. Akiendelea kulea mimea akisubiri baridi ya Juni, atakuwa amemwagilia, amepuliza dawa na kulipa vibarua kwa miezi minne kwa ajili ya vichala vitupu. Hesabu nzuri ni kukata kichwa cha kila mmea majani mawili juu ya kichala cha mwisho chenye matunda, ili sukari yote iende kwenye matunda yaliyopo, ayavune yanapoiva ndani ya Februari, kisha ang'oe.

Joto la Machi lina matumizi mengine. Udongo ukilimwa, ukaloweshwa vizuri na kufunikwa kwa nailoni nyepesi isiyo na rangi iliyobanwa kingo, huku kitalu nyumba kikifungwa chote kwa wiki nne hadi sita, tabaka la juu hupata joto linaloua minyoo fundo na magonjwa mengi ya udongo. Mnyauko wa bakteria haumaliziki kabisa kwa njia hiyo, na mwenye nao itabidi atumie miche iliyopandikizwa kwenye shina linaouvumilia. Mbegu za msimu ujao ziingie kwenye trei mwanzoni mwa Aprili na miche ihamishwe mwanzoni mwa Mei, mvua za masika zikiwa nje na nailoni ikifanya kazi iliyojengewa. Kichala cha kwanza kitafunguka mwanzoni mwa Juni, na kuanzia hapo hadi Septemba vichala vitajengeka katika usiku wa nyuzi 18 hadi 20.